Kenya: Nauli ya wanafunzi inapopanda, wazazi huelezwa nini na lini?

Usiku wa kuamkia Julai 1, 2023, bei ya petroli jijini Nairobi ilipanda kutoka shilingi 182.04 hadi shilingi 195.53 kwa lita. Wenye magari ya kubeba wanafunzi waliamka wakiwa na swali ambalo wafanyabiashara wa kila nchi ya Afrika Mashariki wanalifahamu: mteja wa kudumu, aliyekwisha zoea bei fulani, ataambiwaje kwamba bei hiyo haitoshi tena?

Swali hilo lilikuwa zito zaidi kwa sababu muhula wa pili wa shule ulikuwa haujakwisha. Ulikuwa umeanza Mei 8 na ungemalizika Agosti 11. Wazazi wengi hukubaliana na mwenye gari juu ya nauli mwanzoni mwa muhula. Wapo wanaolipa kila mwezi, na wapo wanaolipa muhula mzima kwa pamoja. Anayepandisha nauli katikati ya muhula huvunja makubaliano, na asiyeipandisha hubeba hasara peke yake.

Makala haya yanaeleza jinsi tangazo la nyongeza ya bei linavyoweza kuandikwa katika hali kama ile: hesabu inayolitangulia, muda wa kutoa taarifa, maneno yenyewe ya barua na shukrani za mwisho. Gari linalozungumziwa hapa ni la mfano, lililotungwa kwa ajili ya maelezo haya. Bei za petroli na tarehe ni zile halisi za Nairobi.

Chanzo cha nyongeza

Nchini Kenya bei ya juu kabisa ya mafuta hutangazwa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi, na hutumika kuanzia tarehe 15 hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Tangazo la mwishoni mwa Juni 2023 lilikuja nje ya utaratibu huo. Lilitokana na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, iliyoongeza kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16.

Watu wengi walisema kodi imeongezeka mara mbili, na wengine wakasema mafuta yamepanda kwa asilimia 8. Kauli ya kwanza ni kweli kuhusu kodi, lakini si kuhusu bei. Ya pili nayo ina kasoro ndogo. Bei ya zamani ilikuwa tayari na kodi ya asilimia 8 ndani yake, hivyo kila shilingi 108 zilizolipwa kituoni ziligeuka kuwa shilingi 116. Ongezeko halisi la bei ya petroli lilikuwa shilingi 13.49 kwa lita, yaani asilimia 7.4.

Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini mzazi anayesoma barua ya nyongeza naye hununua mafuta, au husikia bei yake redioni. Akikuta takwimu isiyolingana na ile anayoijua, huanza kuitilia shaka barua nzima.

Kulikuwa na jambo jingine. Juni 30, 2023, Mahakama Kuu iliamuru utekelezaji wa sheria hiyo usimamishwe hadi kesi iliyofunguliwa na Seneta wa Busia, Okiya Omtatah, pamoja na wenzake isikilizwe. Hata hivyo bei mpya za mafuta zilianza kutumika. Mahakama ya Rufaa iliondoa zuio hilo Julai 28. Kwa hiyo, mwenye gari aliyewaandikia wazazi mwanzoni mwa Julai kwamba nauli inapanda kwa sababu ya sheria mpya angejibiwa kwamba mahakama imeisimamisha sheria hiyo. Sababu ambayo hakuna aliyeweza kuipinga ilikuwa ile iliyoandikwa kwenye risiti ya kituo cha mafuta: bei anayolipa leo na bei aliyokuwa akilipa mwezi uliopita.

Hesabu kabla ya barua

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye gari asiye na daftari hawezi kujua aongeze kiasi gani, na mara nyingi huchagua namba ya mviringo inayomfurahisha.

Tuchukue gari dogo linalobeba watoto 12 pamoja na msaidizi mmoja. Kila mtoto hulipiwa shilingi 7,000 kwa mwezi, hivyo mapato ni shilingi 84,000. Gari husafiri kilomita 64 kwa siku na hutumia lita moja kwa kila kilomita 8, yaani lita 8 kwa siku. Kwa siku 22 za shule katika mwezi, jumla ni lita 176.

Kwa bei ya Juni, lita hizo ziligharimu takriban shilingi 32,040. Kwa bei ya Julai 1 ziligharimu takriban shilingi 34,410. Tofauti ni kama shilingi 2,370 kwa mwezi, na ikigawanywa kwa watoto 12, kila mmoja anaangukiwa na shilingi 198. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 3 ya nauli.

Hapa ndipo wengi hukosea. Petroli imepanda kwa asilimia 7.4, nao hupandisha nauli kwa asilimia 7.4 au hata 10. Wanasahau kwamba petroli ni sehemu tu ya gharama zao. Katika gari hili, mafuta huchukua shilingi 38 katika kila shilingi 100 za mapato. Mshahara wa dereva, bima na faida ya mwenye gari havikupanda kwa sababu ya bei ya petroli. Anayetaka kuongeza zaidi kwa sababu nyingine anaruhusiwa kufanya hivyo, lakini sababu hiyo aitaje kwa jina lake badala ya kuificha chini ya mafuta.

Julai 15 bei ya petroli ilishuka kidogo, ikawa shilingi 194.68. Kwa bei hiyo sehemu ya mafuta ilikuwa shilingi 185 kwa kila mtoto. Tuseme gari letu lilihitaji pia matairi mapya, na mwenye gari akaamua kuongeza shilingi 115 ili kugharimia sehemu ya matairi hayo. Jumla ya nyongeza ni shilingi 300, na nauli mpya ni shilingi 7,300.

Muda wa taarifa

Muda wa taarifa haupimwi kwa idadi ya siku peke yake. Hupimwa kwa nafasi anayopewa mteja ya kufanya jambo kabla bei haijambana. Mzazi anahitaji nafasi ya kuuliza, ya kupanga fedha zake, na, akiamua hivyo, ya kumtafutia mtoto wake usafiri mwingine.

Muhula wa tatu wa mwaka 2023 ulianza Agosti 28. Barua iliyoandikwa Jumatatu, Julai 31, ilimpa mzazi wiki 4 kamili. Wiki 2 za kwanza watoto walikuwa bado wakipanda gari kila siku, na mzazi angeweza kumuuliza msaidizi mlangoni. Wiki 2 za mwisho zilikuwa za likizo, zikitosha kutafuta gari jingine bila mtoto kukosa masomo. Iwapo barua hiyohiyo ingetumwa Agosti 20, ingekuwa bado na siku 8 za taarifa, lakini wakati huo familia nyingi zimekwenda mashambani, na gari jingine la mtaani limekwisha kujaa.

Muda huo pia hulinda makubaliano. Mzazi aliyelipia muhula wa pili amekwisha nunua huduma hadi Agosti 11 kwa bei iliyokubaliwa. Kumdai nyongeza kwa siku alizokwisha lipia ni kumuuzia kitu kimoja mara mbili. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina mpaka unaofaa kujulikana hapa: pale makubaliano yanapotaja makadirio ya bei, mtoa huduma haruhusiwi kumtoza mteja kiasi kinachozidi makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Mwenye gari anayesema mwanzoni mwa muhula kwamba nauli ni kama shilingi 7,000, kisha mwishoni akadai shilingi 8,000, amevuka mpaka huo.

Barua yenyewe

Kwa hesabu hiyo na tarehe hizo, barua inaweza kuandikwa hivi:

Nairobi, Julai 31, 2023

Wapendwa wazazi na walezi,

Kuanzia Agosti 28, 2023, siku ya kwanza ya muhula wa tatu, nauli ya kila mtoto itakuwa shilingi 7,300 kwa mwezi badala ya shilingi 7,000. Nauli ya muhula huu unaoendelea haibadiliki, na mzazi aliyekwisha kulipa hatadaiwa nyongeza yoyote.

Petroli tuliyoinunua kwa shilingi 182.04 mwezi Juni sasa ni shilingi 194.68 kwa lita. Gari letu hutumia lita 176 kwa mwezi, hivyo tofauti hiyo ni shilingi 185 kwa kila mtoto. Shilingi 115 zinazobaki ni sehemu ya gharama ya matairi mapya, ambayo yatafungwa kabla ya shule kufunguliwa.

Nauli hii haitapanda tena hadi muhula wa tatu utakapokwisha Novemba 3, hata kama mafuta yatapanda. Petroli ikirudi shilingi 182 au chini ya hapo, nyongeza ya mafuta itaondolewa mwanzoni mwa muhula unaofuata.

Dereva ni yuleyule, msaidizi ni yuleyule, na saa za kuwachukua na kuwarudisha watoto hazibadiliki.

Mzazi mwenye swali, au ambaye nyongeza hii itamlemea, tunamwomba atupigie simu kabla ya Agosti 11 ili tuzungumze. Atakayeamua kutafuta usafiri mwingine hatadaiwa chochote baada ya muhula huu.

Tunawashukuru kwa kutukabidhi watoto wenu kila asubuhi, na kwa kulipa kwa wakati hata katika miezi iliyokuwa migumu. Asanteni sana.

Wenu katika huduma,
Mwenye gari

Barua hii inaanza na kile ambacho mzazi anakitafuta, yaani kiasi na tarehe. Mwandishi akianza na aya mbili za maelezo kuhusu uchumi wa dunia, msomaji huziruka ili aione namba, na akifika kwenye namba huwa amekwisha kasirika. Maneno kama “kutokana na hali ngumu ya uchumi” hayamwelezi mzazi lolote, kwa kuwa hali hiyo ngumu inamkabili yeye pia.

Shukrani zimewekwa mwishoni na zimetaja mambo mawili mahususi: kukabidhiwa watoto, na malipo kufika kwa wakati. Hazikuambatanishwa na ombi lolote. Sentensi kama “tunawashukuru mapema kwa kukubali bei mpya” si shukrani, kwa sababu inamfanya mzazi aonekane amekubali jambo ambalo bado hajalijibu.

Mahali panapoharibika

Kosa la kwanza ni njia ya kufikisha barua. Wenye magari wengi hutuma ujumbe katika kundi la wazazi kwenye simu. Katika kundi, mzazi mwenye hasira ndiye hujibu kwanza, na wengine humfuata au hunyamaza. Barua inayotumwa kwa kila mzazi peke yake, au kuwekwa kwenye mkoba wa mtoto na kupokewa kwa sahihi, humpa kila mmoja nafasi ya kuzungumza bila hadhira. Mzazi aliyefiwa au aliyepoteza kazi hatalisema hilo mbele ya wazazi wengine 11.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, na hufanywa na watu wenye nia njema. Ni kuandika kwamba “wenye magari wote wa mtaa huu tumekubaliana nauli mpya.” Anayeandika hivyo hudhani anawaonyesha wazazi kwamba hakutenda kwa tamaa. Kumbe anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010 inakataza washindani katika biashara moja kukubaliana bei. Kila mwenye gari anaruhusiwa kufanya hesabu yake na kupandisha nauli yake, hata kama bei ya petroli iliyowasukuma ni moja. Kisichoruhusiwa ni kuketi pamoja na kupanga namba. Tanzania nayo ina sheria yake ya ushindani, ya mwaka 2003, yenye katazo la namna hiyohiyo.

Kosa la tatu ni kudhani kwamba kimya ni kukubali. Ishara ya kutazama ni malipo ya kwanza ya muhula mpya. Mzazi akituma shilingi 7,000 kwa M-Pesa badala ya 7,300, huenda hakuisoma barua, au aliisoma na hakubaliani nayo, au fedha hazikutosha. Hali hizo tatu zahitaji majibu tofauti, na ni simu tu itakayoonyesha ni ipi. Deni la shilingi 300 likiachwa bila kutajwa hufika 900 baada ya miezi mitatu, na hapo huwa ugomvi.

Ahadi ilipopimwa

Septemba 15, 2023, muhula wa tatu ukiwa na majuma machache tu, petroli jijini Nairobi ilipanda hadi shilingi 211.64. Oktoba 15 ilifika shilingi 217.36. Mwenye gari wetu alikuwa ameandika kwamba nauli haitapanda hadi Novemba 3.

Kwa bei ya Septemba, mafuta ya mwezi yalimgharimu takriban shilingi 2,985 zaidi ya alivyokuwa amepiga hesabu. Kwa bei ya Oktoba, tofauti ilikaribia shilingi 4,000 kwa mwezi. Ukihesabu siku za shule zilizosalia hadi kufunga, hasara yake yote ilikuwa zaidi kidogo ya shilingi 5,000. Kiasi hicho kinauma, lakini ni chini ya nauli ya mtoto mmoja kwa mwezi. Kama angevunja ahadi yake na mtoto mmoja tu akaondolewa garini, hasara ingekuwa shilingi 7,300 kila mwezi, na kiti hicho kisingejazwa kabla ya Januari.

Alichoweza kufanya ni kuandika barua ya pili mapema Oktoba, wiki 4 kabla ya shule kufungwa, kwa ajili ya muhula uliofunguliwa Januari 8, 2024. Barua hiyo ingekuwa nyepesi kuliko ya kwanza, kwa sababu wazazi walikuwa wamesikia bei ya mafuta ikipanda kwa majuma kadhaa na kuona kwamba yeye hakuwagusa. Ahadi ni deni, na mteja aliyeona deni likilipwa huisikiliza hesabu inayofuata kwa utulivu.

Sehemu ya pili ya ahadi hiyo, ile ya kuondoa nyongeza, nayo ilifikiwa na wakati wake. Katika mwaka 2024 bei ilianza kushuka. Machi ilikuwa shilingi 199.15, Mei ikafika shilingi 192.84, na katikati ya Oktoba 2024 petroli jijini Nairobi iliuzwa kwa shilingi 180.66, chini ya bei ya Juni 2023. Kodi ya asilimia 16 ilikuwa ingali palepale. Mwenye gari aliyeandika kwamba nauli inapanda kwa sababu ya kodi angeweza kusema kwamba sababu yake haijaondoka. Yule aliyeandika bei ya lita hakuwa na kisingizio hicho.

Mzazi aliyeitunza barua ya Julai 31 angeweza kuitoa na kuonyesha mstari unaosema kwamba petroli ikirudi shilingi 182, nyongeza ya mafuta itaondolewa mwanzoni mwa muhula unaofuata. Kwa mwenye gari, jibu lilikuwa kuandika barua ya tatu, fupi kuliko zote, inayotaja nauli mpya iliyo ndogo, tarehe ya kuanza kwake, na shukrani kwa wazazi waliobaki naye.